Kuomba bei ya matangazo kwa redio ao gazeti: maulizo ya kuandika kabla ya kutoa pesa

Katika vikundi vingi vya akina mama na vijana wa makanisa yetu kuna kazi ndogo za biashara: kushona, kuoka mikate, kutengeneza sabuni, kuuza mbegu. Mara kwa mara mmoja wao anatuuliza: “Tukitaka kupitisha tangazo kwa redio, tuanzie wapi?” Wengi wanaanzia kwenye kasa. Wanafika redioni na pesa mkononi, wanaambiwa bei, wanalipa, wanarudi nyumbani kungoja wateja. Kisha wateja hawaji, na hakuna anayejua kosa lilikuwa wapi.

Sisi tunaona kwamba kazi kubwa inafanyika mbele ya kulipa, kwa barua moja yenye maulizo matatu: bei ni gani, nani anasikiliza, na tangazo liingie siku gani ndipo lipite kwa wakati. Tutachukua mfano mmoja wa Bukavu na kuufuata toka mwanzo mpaka mwisho. Bei tutakazotaja ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Kila redio ina bei zake, na hizo ndizo barua inazotafuta.

Atelie ya Kadutu

Mama mmoja fundi ana atelie ya kushona katika komini ya Kadutu. Yeye na wenzake wanne wana mashini tano. Kazi yao kubwa ya mwaka ni nguo za shule: shati nyeupe, na sketi ao suruali ya buluu. Kwa siku moja wanamaliza jozi 10, yaani jozi 60 kwa juma la siku sita. Wakitoa bei ya kitambaa, uzi na vifungo, jozi moja inawaachia faida ya dola 3.

Mwaka uliopita walilipa redio moja ya mji mwishoni mwa mwezi wa 8. Tangazo lilianza kupita siku tatu tu kabla ya masomo kufunguliwa. Wazazi walikuwa wamekwisha kununua sokoni. Wachache waliokuja walitaka nguo kwa kesho yake, na atelie haikuweza. Zaidi ya hapo, sehemu ya matangazo yaliyolipiwa ilipangwa katikati ya mchana, wakati kartie nyingi hazina umeme na wazazi wako sokoni ao kazini. Pesa ya tangazo ilipotea, na ilikuwa pesa ya kununua kitambaa.

Mwaka huu wanataka kutumia dola 60, si zaidi. Hesabu ya kwanza wanaifanya wao wenyewe, mbele ya kwenda redio yoyote: dola 60 ukigawanya kwa faida ya dola 3 ni jozi 20. Maana yake tangazo lazima lilete jozi 20 ambazo zisingekuja bila tangazo, ndipo pesa irudi. Jozi 20 ni kazi ya siku mbili kwa mashini zao, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Kama hesabu ingesema jozi 200, wangeacha shauri hilo mara moja, maana hata wateja wangekuja wote, mikono isingetosha kuwashonea kwa wakati.

Hesabu ya siku, kwa kurudi nyuma

Watu wengi wanauliza redio, “Tangazo linaweza kuanza lini?” Ulizo hilo linampa mwenye redio kuchagua siku. Afadhali mwenye biashara aje na siku zake tayari, akizihesabu toka mwisho kurudi mwanzo.

Katika Kongo masomo yanafunguliwa mwanzo wa mwezi wa 9. Tuseme ni Jumatatu tarehe 7. Nguo ya mwisho itoke kwa atelie Jumamosi tarehe 5. Juma zima mbele yake ni la kushona tu, kwa hiyo maagizo ya mwisho yapokelewe Jumamosi tarehe 29 mwezi wa 8. Mzazi akisikia tangazo leo, haji leo. Anangoja pesa, anazungumza na bwana ao bibi yake, anapita kuuliza bei. Kwa hiyo tangazo lianze majuma karibu matatu mbele ya siku ya kufunga maagizo, yaani Jumatatu tarehe 10, na liendelee mpaka Jumamosi tarehe 22. Hizo ni siku 12, bila Siku ya Mungu ya katikati.

Ili lianze tarehe 10, maandishi na malipo yawe yamekwisha juma moja mbele, tarehe 3. Na ili kuwe na nafasi ya kuandikia redio mbili ao tatu, kungoja majibu, kuyalinganisha na kurudi kuuliza kisichoeleweka, barua itoke katikati ya mwezi wa 7. Mama fundi wetu anaipeleka Jumatatu tarehe 13.

Mwaka uliopita alianza mwishoni mwa mwezi wa 8, na kwa hesabu hii alikuwa amechelewa zaidi ya mwezi mmoja kabla hata hajatoka nyumbani.

Barua yenyewe

Redio nyingi zitampa mtu bei kwa mdomo kwenye mlango. Bei ya mdomo inabadilika kufuatana na mtu aliyeko siku ile. Kwa hiyo andika barua, kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Toa kopi mbili. Moja ibaki redioni, na ya pili sekreteri aitie sahihi na tarehe ya kuipokea, nawe uichukue. Hii ndiyo barua tuliyomsaidia mama huyo kupanga:

“Kwa Mkurugenzi wa Redio …, Bukavu. Kuhusu: kuomba bei na masharti ya tangazo.

Bwana Mkurugenzi,

Sisi ni atelie ya kushona nguo za shule katika komini ya Kadutu. Tunatafuta kupitisha tangazo toka Jumatatu tarehe 10 mpaka Jumamosi tarehe 22 mwezi wa 8, mara mbili kwa siku. Wateja wetu ni wazazi wa Kadutu na kartie za karibu. Mbele ya kuamua, tunaomba mtuandikie majibu ya maulizo haya.

Kuhusu bei: Komunike inayosomwa na mtangazaji ni bei gani kwa kila mara, na isizidi maneno mangapi? Tangazo lililorekodiwa la nusu dakika ni bei gani, asubuhi, mchana na jioni? Kurekodi kunalipwa mbali? Bei ni pamoja na TVA ao bila TVA? Kuna punguzo kwa anayelipia mara nyingi? Tukilipa kwa franka, mnahesabu dola kwa franka ngapi?

Kuhusu wasikilizaji: Redio inasikika vizuri katika kartie gani, na wapi haisikiki? Mnakuwa hewani toka saa ngapi mpaka saa ngapi, na umeme ukikatika mnafanya nini? Ni programu gani ya Kiswahili inayosikilizwa zaidi na wazazi, na mmejua hilo kwa njia gani?

Kuhusu wakati: Maandishi na malipo yafike siku gani na saa ngapi ili tangazo lianze tarehe 10? Tukitaka kubadilisha neno, tuwajulishe siku ngapi mbele? Tangazo lisipopita kwa saa iliyolipiwa, mnalirudisha lini?

Tunaomba jibu mbele ya tarehe 24 mwezi wa 7. Asanteni.”

Angalieni mambo mawili katika barua hii. La kwanza, mama hakutaja kiasi cha pesa alicho nacho. Ukisema “nina dola 60”, jibu litakuwa la dola 60, hata kama kazi yako ingetosha kwa 40. La pili, anataja tarehe zake, kartie zake na wateja wake. Redio inayopokea barua ya namna hii inajua kwamba haiwezi kumjibu kwa maneno ya jumla.

Tena, mnapoandika saa, msiseme “saa moja” tu. Kwetu mmoja anahesabu saa kwa Kiswahili na mwingine kwa Kifaransa, na saa moja ya asubuhi ya mmoja ni 7h00 ya mwingine. Tumekwisha kuona tangazo la “saa sita” likingojewa mchana nyumbani, na redioni limepangwa 6h00 ya alfajiri. Andikeni saa kwa namba, hivi: 6h45, 18h30.

Kusoma jibu la bei

Majibu mawili yanarudi. Redio ya kwanza ni kubwa, inasikika katika mji wote na ng’ambo yake. Bei yake kwa nusu dakika ni dola 5 karibu na habari za asubuhi na za jioni, na dola 3 kwa saa zingine. Kurekodi ni dola 20. Chini kabisa ya karatasi kuna maneno matatu: “Bei bila TVA.”

Maneno hayo matatu yana uzito. TVA katika Kongo ni asilimia 16. Mama anafanya hesabu: kurekodi dola 20, na mara sita za dola 5 ni dola 30, jumla 50. Ukiongeza asilimia 16 ya 50, yaani dola 8, inakuwa dola 58. Mfuko wa dola 60 umekwisha, na tangazo limepita mara sita tu katika siku 12. Mzazi aliyekuwa akichota maji kwa siku hizo sita hatalisikia kamwe. Si kila redio inatoza TVA, maana kampuni ndogo isiyoandikishwa kwa kodi hiyo haina ruhusa ya kuitoza. Ndiyo sababu ni lazima kuuliza, na inayoitoza iionyeshe kwenye faktire.

Redio ya pili ni ya mtaa. Haina bei ya kurekodi, kwa sababu mtangazaji anasoma komunike mwenyewe. Bei ni dola 2 kwa kila mara inaposomwa, na anayelipia mara 10 anapewa 2 bure. Mama akilipia mara 20, anatoa dola 40 na anapata mara 24, yaani mara mbili kwa siku katika siku zote 12. Dola 20 zinabaki mkononi.

Kumbe bei ya tangazo moja haitoshi kulinganisha redio mbili. Kinacholinganishwa ni pesa yote itakayotoka, pamoja na kurekodi na kodi, na mara ngapi tangazo litapita kwa pesa hiyo katika saa zinazofaa. Tangazo la nguo za shule halikumbukwi kwa kusikiwa mara moja. Mara ya kwanza mzazi anasikia sauti tu, mara ya pili anasikia jina la kartie, na mara ya tatu ndipo anamwambia mtoto, “Lete kalamu, andika namba hiyo.”

Mwulizeni pia mtangazaji komunike inachukua maneno mangapi. Msomaji wa kawaida anasoma maneno kama 60 ao 70 kwa nusu dakika. Ukipeleka maneno 120, ao atakimbia mbio bila kueleweka, ao atakata mwisho, na mwishoni ndiko mlikoandika namba ya simu. Wekeni namba katikati na mwishoni, mara mbili, ndani ya maneno 60.

Kusoma jibu la wasikilizaji

Hapa ndipo watu wanadanganyika zaidi, mara nyingi bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Redio ya kwanza inajibu: “Tuna wasikilizaji zaidi ya milioni moja.” Ukiuliza namba hiyo imetoka wapi, unasikia kwamba hao ni wakaaji wote wa maeneo ambamo mawimbi yao yanafika. Lakini kufikiwa na mawimbi si kusikiliza. Mtu aliyelala, mtu asiye na betri, na mtu aliyefungua redio nyingine, wote wamehesabiwa ndani ya milioni hiyo.

Hata kufika kwa mawimbi kuna mipaka yake. Redio za FM zinakwenda karibu kama macho yanavyoona: mlima ukiwa katikati, sauti inakwama. Kwa mji wa vilima kama Bukavu, urefu wa antene na mahali ilipowekwa vina maana kuliko wingi wa wati. Redio ya wati 500 iliyo chini ya bonde inaweza kushindwa na redio ya wati 100 iliyo juu ya kilima. Kwa hiyo jibu “tuna wati nyingi” halitoshi. Chukua redio ndogo ya betri ao simu yenye FM, tembea nayo Kadutu juu na chini saa ya habari, usikilize mwenyewe. Ni kazi ya saa mbili, na hailipiwi.

Ulizo la umeme nalo lina nguvu mbili. Kwanza, redio ikikosa umeme, inawasha jenereta ao inanyamaza? Pili, hata redio ikiwa hewani, je, nyumba za wasikilizaji zina umeme saa hiyo? Redio za betri na simu zinaendelea, lakini zile za ukutani zinazima.

Redio ndogo nyingi hazijapimwa na mtu yeyote, na redio ya mtaa ilijibu hivyo kwa uwazi: “Hatuna hesabu ya kweli. Programu ya komunike ya 6h30 inapigiwa simu nyingi kuliko zote.” Jibu la namna hiyo lisidharauliwe. Simu zinazopigwa hazionyeshi idadi ya wasikilizaji, lakini zinaonyesha kwamba saa hiyo kuna watu wanaosikiliza na wanaotenda.

Basi mama akafanya uchunguzi wake. Kwa siku tatu, yeye na wenzake waliuliza watu 30 waliopita kwenye atelie na sokoni, wazazi tu, ulizo moja: “Jana ulisikiliza redio gani, na ilikuwa saa ngapi?” Hawakuuliza “Unapenda redio gani?” Mtu akiulizwa anachopenda, anataja jina kubwa ao jina analofikiri utafurahi kulisikia. Akiulizwa juu ya jana, anakumbuka alichofanya. Pia hawakutaja jina la redio yoyote, ili wasimwekee mtu jibu mdomoni.

Kati ya watu 30, 13 walitaja redio ya mtaa, karibu wote asubuhi mbele ya kutoka nyumbani. Wanne walitaja redio kubwa. Wengine walitaja redio zingine, ao hawakusikiliza kitu. Watu 30 ni wachache. Kama ingekuwa 9 kwa 7, tusingeweza kusema lolote, maana kesho ingeweza kugeuka. Lakini 13 kwa 4, tena saa ileile, ni ishara ya kutosha kwa mtu anayetaka kuweka dola 40.

Hatusemi kwamba redio kubwa haifai. Kama mama angekuwa anauza kitambaa kwa jumla kwa mafundi wa mji mzima na wa vijiji vya mbali, ingekuwa sawa kwake. Lakini mzazi wa upande wa pili wa mji hapandi gari mara mbili, kupimwa na kuchukua nguo, wakati kuna fundi karibu na mlango wake. Wasikilizaji wasioweza kufika kwako, usiwalipie.

Kusoma jibu la wakati

Redio ya mtaa ilijibu: maandishi yafike siku mbili mbele, kabla ya 15h00, na malipo kamili siku ileile. Komunike isiyolipwa haiingii katika daftari ya mtangazaji. Hilo ni jambo la kushika. Katika redio nyingi, siku ya kupeleka karatasi haina maana. Siku inayohesabiwa ni ile kasa inapotoa risiti. Ukilipa kwa simu, kwa M-Pesa ao Airtel Money, omba risiti ya karatasi pia, yenye jina la tangazo, tarehe ya mwanzo, tarehe ya mwisho na saa.

Jibu la ulizo la mwisho lilikuwa fupi: “Tutalirudisha baadaye.” Mama akarudi redioni kuuliza, baadaye ni lini? Kwa nguo za shule, tangazo lililokosa kupita tarehe 20 na kurudishwa tarehe 10 mwezi wa 9 halina faida hata kidogo. Walikubaliana kwamba lisipopita, litasomwa ndani ya siku mbili, saa za asubuhi, na wakaandika hivyo juu ya karatasi ya agizo. Tujue kwamba matangazo ya vifo na ya serikali huja ghafla na kusukuma mengine. Redio haina kosa katika hilo, na mapatano yaliyoandikwa mbele yanazuia ugomvi.

Kisha mama akagawa kazi ya kusikiliza. Kila asubuhi fundi mmoja anafungua redio na kuandika katika daftari: tarehe, saa, limepita ao halikupita. Mwisho wa juma la kwanza anaomba redio karatasi inayoonyesha saa matangazo yalipopita, na kuilinganisha na daftari. Tena kila mteja mpya anaulizwa, “Umetusikia wapi?”, na jibu linaandikwa kando ya vipimo vyake.

Ndiyo sababu dola 20 hazikutolewa mara moja. Tarehe 22, daftari ikionyesha kwamba wateja wanatoka redioni na mashini bado zina nafasi, atalipia tena mara 10 na kupata 12: mara mbili kwa siku toka Jumatatu tarehe 24 mpaka Jumamosi tarehe 29, siku ya kufunga maagizo. Akiwa na wateja wa kutosha, hatalipia, na dola hizo zitanunua kitambaa. Na ikiwa wateja wa redio ni wawili tu, atajua kwamba kasoro si wingi wa matangazo. Ataangalia maneno, bei ya nguo, ao saa iliyochaguliwa.

Na gazeti je?

Kwetu mashariki, magazeti ya karatasi ni machache, na kwa nguo za shule mama huyu hakuliandikia hata moja. Lakini mwenye biashara anayeuzia maofisi, mashule ao mashirika, kama mtengeneza viti ao mchapishaji wa vitabu vya hesabu, anaweza kupata wasomaji wanaomfaa huko. Maulizo matatu ni yaleyale, na maneno yanabadilika.

Kwa bei, uliza kipimo: robo ya ukurasa, nusu, ao ukurasa mzima, ukurasa wa nje ao wa ndani, rangi ao nyeusi na nyeupe. Uliza pia nani anapanga tangazo, na kama utaonyeshwa karatasi ya kwanza ili usahihishe namba ya simu kabla ya kuchapwa. Namba iliyokosewa redioni inasahihishwa kesho yake, lakini iliyochapwa inabaki hivyo mpaka toleo lingine.

Kwa wasomaji, usiridhike na idadi ya nakala zinazochapwa. Uliza ngapi ziliuzwa ao kugawiwa katika toleo lililopita, ngapi zilirudi, na zinapelekwa wapi. Gazeti la nakala 1000 ambalo 400 zinarudi ni gazeti la nakala 600. Kweli nakala moja ofisini inasomwa na watu wengi, lakini hilo mwenye gazeti alieleze kwa kutaja maofisi yenyewe.

Kwa wakati, kuna siku ya kufunga gazeti, na baada yake hakuna kinachoingia. Uliza siku hiyo kwa maandishi, na siku ya picha, ambayo mara nyingi ni ya mbele zaidi. Kisha uliza jambo moja ambalo wengi wanasahau: matoleo matatu ya mwisho yalitoka tarehe gani kwa kweli? Gazeti linaloitwa la kila juma likiwa limetoka mara mbili tu katika mwezi, usilitegemee kwa biashara yenye tarehe. Omba uyaone matoleo hayo, usome tarehe kwa macho yako.

Ikiwa jibu haliji

Tarehe 24 ikipita bila jibu, rudi na kopi yako yenye sahihi na uombe kuonana na anayeshughulika na matangazo. Akikujibu kwa mdomo, mwandike mbele yake na umwombe atie sahihi. Asiyetaka kuandika bei yake wala saa zake mbele ya kupokea pesa, hutakuwa na neno la kumwonyesha siku tangazo lisipopita. Hapo afadhali pesa ibaki katika mfuko wa atelie, na mafundi waandike bei za nguo kwa chaki juu ya ubao mbele ya mlango, wazazi wa kartie wazisome wakipita.